Mama anaota moto, binti anaota maji: je, ni roho moja?

*Jambo Mama Mkunga. Nina miaka 47, nauza ndakala na mafuta ya mawese kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Tangu Agosti siku zangu za mwezi zimevurugika: zilikuja baada ya siku 24, kisha 23, kisha nikakaa siku 52 bila kuona kitu. Karibu kila usiku, saa tisa hivi, nashtuka nguo zimelowa na moyo unadunda. Naota nyumba inaungua, au marehemu mama yangu ananiita kutoka ng'ambo ya mto. Mara mbili nimeota niko na mwanaume nisiyemjua, nikaamka na haya nyingi. Nilimwambia mume wangu, na sasa analala saloni. Pasta anasema ni bwana wa usiku, roho inayolala na wanawake ndotoni. Nimefunga siku tatu na kukesha kwenye chumba cha sala Ijumaa nne, lakini ndoto zimezidi. Tena binti yangu wa miaka 19 naye anaota maji yanamchukua, kila mwezi, siku chache kabla ya damu. Wanasema ni roho moja inayopita kwangu kwenda kwake. Nifanye nini?*

*Mama wa soko la Kenya*

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nikiwa na penseli mkononi. Sikuzungushia moto wala mto. Nilizungushia 24, 23, 52, saa tisa, na yale maneno yako kuhusu binti: siku chache kabla ya damu. Nimefanya kazi ya ukunga miaka 31, na mimi mwenyewe nimepita hapo ulipo, kwa hiyo nifuate polepole.

Nianze na binti, maana kwake jambo linaonekana wazi. Mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 hutoa yai karibu siku ya 14. Pale yai lilipotoka, kwenye ovari, panabaki kitu kidogo cha rangi ya njano ambacho kinatengeneza homoni ya projesteroni. Shuleni tulifundishwa kwamba kazi yake ni kuandaa kizazi kipokee mimba. Hatukufundishwa kwamba sehemu ya projesteroni hiyo mwili huigeuza kuwa kitu kingine kinachotuliza ubongo, kwa kugusa mfumo uleule ambao vidonge vya usingizi kama diazepamu huugusa. Ni dawa ya kutulia ambayo mwili unajipikia wenyewe.

Mimba isiposhika, kile kitu cha njano hufa baada ya kama wiki mbili, na projesteroni inaanguka. Inaanguka kwa kasi, katika siku tatu nne za mwisho kabla ya damu. Ubongo uliokuwa umezoea kubembelezwa unaachwa ghafla. Msichana analala usingizi mwepesi, anaamka mara nyingi, mchana kitu kidogo kinamkera, na usiku ndoto zake zinabeba woga ule ule na hasira ile ile. Damu ikishatoka siku mbili tatu, anatulia. Si wanawake wote wanaoyapata hayo, na wanaoyapata hawayapati kwa kipimo kimoja. Lakini ndoto mbaya inayokuja kwa tarehe, mwezi kwa mwezi, na kuondoka damu ikianza, inafuata mwili wake.

Sasa njoo kwako. Ovari ikikaribia kustaafu, mizunguko mingine inakuwa mifupi kwa sababu yai linaharakishwa, kisha inakuja mirefu ambayo mara nyingi yai halikutoka kabisa. Yai lisipotoka, kile kitu cha njano hakipo, na projesteroni haipo. Basi kitulizo ambacho binti yako anakikosa siku tatu, wewe unaweza kukikosa wiki nyingi mfululizo. Hapo ndipo mnapofanana. Yeye anaonja kila mwezi kile ambacho wewe unakaa nacho.

Juu ya hayo una shida ambayo yeye hana, nayo ni estrojeni. Homoni hii haishuki taratibu kama jua la jioni. Inapanda, inaporomoka, inapanda tena. Ndani ya ubongo kuna mahali panapopima joto la mwili, na estrojeni husaidia mahali hapo pawe pavumilivu. Ikiporomoka, uvumilivu unapungua. Joto likizidi kidogo tu, ubongo unaamua kwamba unaungua: mishipa ya ngozi inafunguka, moyo unaenda mbio, jasho linamwagika, na dakika chache baadaye unatetemeka kwa baridi. Labda wewe ulikuwa umelala chini ya blanketi la nailoni, Oktoba, mwezi wetu wa joto kuliko yote, umeme umekatika na feni imesimama. Mwili ulipata sababu zote.

Lakini kwa nini ndoto? Hapa ndipo nataka ukae nami kidogo.

Mtu akilala saa nne usiku, usingizi wake unazunguka, na kila mzunguko ni kama dakika 90. Mwishoni mwa kila mzunguko unakuja usingizi wa ndoto, ule ambao ukimtazama mtoto unaona macho yake yanacheza chini ya kope. Mara ya kwanza unakaa dakika chache tu. Kadiri usiku unavyokwenda unarefuka, na kati ya saa nane na alfajiri unaweza kukaa nusu saa nzima. Katika usingizi huo misuli imelegea kabisa huku sehemu ya ubongo inayoshughulika na woga na hisia inafanya kazi kwa nguvu. Watu wote hupita humo kila usiku, mume wako naye, pasta naye. Tofauti ni kwamba mtu asiyeamshwa anasahau karibu zote. Anayeamshwa akiwa ndani ya ndoto, au dakika moja baada yake, anaishika yote, na rangi zake na sauti zake.

Ndiyo maana nilizungushia saa tisa. Unaamshwa katika saa zenye ndoto ndefu kuliko zote, ukiwa na usingizi mwepesi kwa kukosa projesteroni, na joto linakumalizia. Ukiacha usiku wa baada ya kukesha, ambao nitaufikia, ndoto zako huenda hazikuongezeka hata moja. Kilichoongezeka ni mara unazotolewa ndani yake kabla hazijaisha. Na unatolewa moyo ukidunda, kwa hiyo hata ndoto ya kawaida unaikumbuka kama ya kutisha, kwa sababu mwili wako ulikuwa katika hali ya mtu aliyetishwa.

Kuhusu moto, sikiliza kisa hiki. Mwaka 1958 watafiti wawili Wamarekani, William Dement na Edward Wolpert, waliwanyunyizia maji watu waliokuwa katikati ya usingizi wa ndoto, kisha wakawaamsha na kuwauliza walichoota. Karibu mara nne kati ya kumi walisimulia maji ndani ya ndoto: mvua, paa linalovuja. Akili iliyolala inapokea habari za mwili na kuzitungia kisa. Ngozi yako inapowaka saa tisa usiku, kisa kilicho karibu zaidi ni nyumba inayoungua.

Na yule mwanaume. Najua hili ndilo lililokuumiza kuliko yote, kwa hiyo nitasema wazi kama ninavyosema kwenye chumba cha kuzalishia. Katika usingizi wa ndoto, damu huongezeka kwenye sehemu za siri za mwanamke, kama inavyotokea kwa mwanaume anapoamka asubuhi. Hutokea kila usiku, kwa bibi arusi, kwa mjane, kwa sista wa kanisa, ameota mapenzi au ameota anauza ndakala. Mwili hauombi ruhusa. Wakati mwingine ubongo unaitungia hali hiyo mtu, na mtu huyo anaweza kuwa mgeni kabisa. Wewe uliamshwa mara mbili wakati huo. Wanawake wengine hawaamshwi, basi hawajui kamwe. Hukumkosea mume wako, wala hakuna aliyeingia chumbani.

Mama yako ni jambo jingine, na sitaki homoni zimfute. Homoni hazitungi picha. Kazi yake ni kama ya kupandisha utambi wa taa: kilichokuwa tayari chumbani kinaonekana kwa ukali. Picha inatoka kwenye maisha yako, na wewe bado una kilio cha mama. Hicho ni chako, na nitarudi kwake.

Kukesha ndiko kulikoongeza ndoto. Nasema hivi mimi mwenyewe nikiwa mtu wa sala. Mwili ukinyimwa usingizi unadai deni. Kwanza unalipwa usingizi mzito, kisha katika usiku unaofuata usingizi wa ndoto unarudi kwa wingi na kwa nguvu kuliko kawaida. Ukikesha Ijumaa, tarajia ndoto kali Jumapili au Jumatatu. Kisha unaambiwa roho imekasirika, unakesha tena, na deni linakua. Ongeza tumbo tupu la siku tatu, ambalo nalo linaharibu usingizi. Sali jioni, mdogo wangu, sali alfajiri, lakini usiku ulale. Bia au glasi ya lutuku ya kutafuta usingizi nayo iache. Pombe hubana ndoto mwanzoni mwa usiku na kuziachia kwa fujo kuelekea asubuhi, na inaita joto.

Sasa cha kufanya. Kabla ya yote, siku 52 bila damu kwa mwanamke wa miaka 47 anayelala na mume wake ni sababu ya kupima mimba. Kipimo cha mkojo kinauzwa hata famasi ndogo. Nimepokea akina mama watatu waliosema "nimekoma" na tumbo likawa na miezi mitano. Mimba yenyewe huleta ndoto kali na kuamka-amka usiku, kwa hiyo usikisie.

Kipimo kikisema hapana, nunua daftari la shule la kurasa 48. Kila asubuhi, kabla hujatoka kitandani, andika mambo manne: tarehe, saa uliyoamka, kama ulilowa jasho, na ndoto ilikuwa na hisia gani, kwa namba kutoka 0 hadi 3. Siku ya damu weka alama nyekundu. Ndoto usiisimulie, hisia tu. Binti naye awe na lake. Fanyeni hivyo wiki nane.

Nitakuonyesha langu. Nilikuwa na miaka 49 na niliota mara kwa mara mtoto mchanga ananiteleza mikononi, ndani ya beseni la kuogea. Kwa mkunga hiyo ni ndoto ya kukufanya uogope kwenda kazini. Katika wiki nane niliandika ndoto za daraja la 2 na la 3 mara 19. Nilipozihesabu vizuri, 14 zilikuwa usiku wenye jasho, na karibu zote kati ya saa nane na saa kumi na moja. Usiku usio na jasho nilikuwa na 5 tu, na 3 kati ya hizo zilikuja siku mbili baada ya zamu ya usiku. Zilizobaki 2 sikuzipatia sababu, na haikuwa lazima nizipatie. Kabla ya daftari nilikuwa nimeuza kitenge changu cha waksi kulipia dozaji ya homoni kwenye maabara moja ya mjini, mara mbili kwa wiki tatu. Karatasi ya kwanza ilisema nimekoma, ya pili ikasema bado kabisa. Maabara haikukosea kupima. Katika umri huu homoni hubadilika siku kwa siku, na kwa mwanamke aliyepita 45 mwenye dalili kama zako, tarehe za damu na jasho zinaeleza zaidi kuliko kipimo kile. Pesa yako iache kwa mafuta ya mawese. Kukoma kwenyewe tunakuhesabu nyuma: miezi 12 mfululizo bila tone la damu.

Usiku, ondoa nailoni. Lalia kitenge cha pamba na weka kingine kikavu, kimekunjwa, karibu na mkono wako pamoja na chupa ya maji. Chandarua kibaki, malaria haijali umri wako. Joto likikuamsha, badili kitenge, kunywa maji mafunda mawili, jifute shingo, rudi ulale. Usiwashe simu, na usikae gizani ukitafuta maana ya ulichoota, kwa sababu dakika hizo za kutafuta ndizo zinazoichora ndoto kwenye kumbukumbu.

Kwa mama yako kuna njia ambayo daktari Barry Krakow na wenzake waliijaribu kwa wanawake waliobakwa waliokuwa wakiandamwa na majinamizi, na mwaka 2001 wakaeleza kwamba majinamizi yalipungua. Inafanywa mchana, ukiwa macho. Chukua ndoto ile na ubadilishe kitu kimoja, chochote utakacho. Kwa mfano, mama yuko upande huu wa mto, amekaa kwenye kigoda, anachambua sombe, na wewe unakaa karibu naye mnachambua pamoja. Usilazimishe maneno. Funga macho uione picha hiyo mpya kwa dakika 10, kila siku, baada ya kufunga meza sokoni. Ipe wiki mbili hadi tatu. Ndoto inaweza kurudi kama ilivyokuwa, ikaja imebadilika nusu, au ikaacha kuja. Ikija imebadilika nusu, umefika mbali. Njia hii ni ya ndoto inayojirudia. Kama ndoto ni tukio la kweli lililokupata, vita au kupigwa, na linarudi lilivyokuwa, usilifanye peke yako, tafuta mshauri wa kisaikolojia.

Kituo cha afya utakwenda hata hivyo, kwa sababu jasho la usiku lina wazazi wengi. Ukiwa na homa, pima malaria kwanza. Kikohozi cha wiki mbili, kukonda na jasho ni sababu ya kupima makohozi kwa kifua kikuu, hata kama unajiona una nguvu. Moyo unaokwenda mbio mchana pia, mikono inayotetemeka na shingo iliyovimba vinaweza kuwa tezi. Beba dawa zote unazomeza umwonyeshe mganga wa kituo: meflokini ya malaria, efavirenzi ya virusi vya UKIMWI na propranololi ya presha zinajulikana kwa kuleta ndoto kali. Usiache dawa yoyote peke yako, mwambie yeye. Damu ikija ya kubadilisha kitambaa kila saa, usingoje. Na siku utakapokuwa umemaliza mwaka bila damu kisha ikatoka tena, hata kidogo, nenda wiki hiyo hiyo, kizazi kinahitaji kuangaliwa.

Dawa za homoni zipo na zinapunguza joto vizuri, na joto likipungua kuamka kunapungua. Lakini usinunue kwa mtembezaji. Mwanamke mwenye kizazi akipewa estrojeni peke yake, bila projesteroni, utando wa kizazi unakua bila kipimo na unaweza kuzaa kansa. Aliyewahi kuwa na kansa ya titi au damu kuganda miguuni aseme kabla hajaandikiwa.

Binti hahitaji dawa kwa sasa. Mwambie tu ajue tarehe zake, na siku nne za mwisho alale mapema na asipange mitihani migumu ya moyo, kama kuachana na mchumba. Lakini muulize swali moja kwa upole, mkiwa wawili jikoni: siku hizo, je, anafikia kutamani asiwepo? Akisema ndiyo, mpeleke kwa daktari kesho yake, hata kama huisha damu ikitoka. Hali hiyo ina jina na ina matibabu.

Kwa mume wako, usianze na ndoto, anza na kitenge kilicholowa. Mpe akishike kikiwa bado kimelowa, saa ile ile, aone kwamba kilichomfukuza kitandani ni jasho. Asubuhi msomee ukurasa huu, yule mwanaume asiyejulikana pamoja. Kisha arudi alale upande wa dirisha, na usiku ukishtuka kazi yake ni kukunyooshea kitenge kikavu tu, bila kuuliza umeota nini.

Mama Mkunga